Nikiweka sahani kwenye beseni

Swali la wiki: "Ratiba ya kusoma tunaipanga vizuri, lakini muda ukifika hatuanzi. Wewe unatumia njia gani hadi unakaa kweli na kuanza?"

Mimi nafundisha Hisabati jioni, Temeke, na wengi wa wanafunzi wangu ni watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia kidato cha nne huku wakifanya kazi mchana. Ratiba wanazo, tena nzuri, zimepigwa mistari kwa rula. Ninachowaongezea ni sentensi moja tu yenye pande mbili: nikifanya hiki, nitafanya kile. Sisi tunaiita kanuni ya niki-nita.

Si ubunifu wangu. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, ameichunguza kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja aliouchapisha na mwenzake mwaka 1997, wanafunzi wa chuo waliombwa waandike ripoti ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na waitume ndani ya siku 2. Nusu yao walitakiwa pia kutaja wataiandika lini hasa na wakiwa wapi. Katika nusu hiyo, karibu robo tatu walituma kwa wakati. Kwa wale wengine ilikuwa kama theluthi moja. Nia walikuwa nayo wote. Tofauti ni kwamba wa kwanza hawakuhitaji kukata shauri upya saa ile, siku ya sikukuu, ndugu wamejaa nyumbani.

Shida ni kwamba ukimwambia mtu atunge kanuni yake, tisa kati ya kumi wataandika saa: "Ikifika saa mbili usiku, nitasoma Hisabati." Kwa mtu anayelala bweni na kengele inagongwa, sawa. Kwa mtu anayefunga duka Kariakoo na kupanda daladala la Mbagala, saa mbili inaweza kumkuta amesimama mlangoni mwa gari, mkono mmoja juu. Akifika nyumbani saa mbili imeshapita, na ikishapita haina kitu cha kumkumbusha tena mpaka kesho.

Huyo wa Kariakoo ni mwanafunzi wangu kweli, anauza vifaa vya simu, na tulihangaika naye kidogo. Tulianza na "nikifika nyumbani". Haikushika, kwa sababu kufika si tukio moja. Kuna kufika mlangoni, kuna kuulizwa mbona umechelewa, kuna ndoo ya maji, kuna mtoto wa dada anayetaka kubebwa. Tukajaribu "nikimaliza kula". Hiyo ilikuwa karibu, ila kwao wanakula pamoja mbele ya televisheni, na kumaliza kula kunayeyuka ndani ya tamthilia. Nikamwuliza: ukishakula, mkono wako unafanya nini kila siku bila kukosa? Akafikiri, akasema, "Mwalimu, lazima nipeleke sahani kwenye beseni la vyombo uani, maana mama hataki kuona sahani mkekani." Basi hapo ndipo tulipofunga kamba.

Kanuni yake ikawa: "Nikiweka sahani yangu kwenye beseni, nitakwenda kwenye meza ya cherehani na kunakili swali lililozungushiwa duara."

Upande wa pili nao ulitupa kazi. Mwanzoni ulisema "nitasoma Hisabati saa moja na nusu", na hicho si kitendo. Mtu aliyechoka akisikia saa moja na nusu, mwili unakataa kabla hajakaa. Kunakili swali kunachukua dakika mbili, hakuhitaji akili nyingi, na hakuna anayeshindwa. Lakini swali lenyewe lazima liwe limechaguliwa jana yake. Anapofunga daftari usiku anazungushia duara swali la kesho kwenye pasipepa, tuseme la takwimu, lile lenye jedwali, na karatasi inabaki wazi juu ya cherehani. Akiacha uchaguzi uwe wa siku hiyohiyo, atapekua karatasi hadi usingizi umpate. Na mtu akishanakili jedwali zima, mara nyingi mkono unaendelea wenyewe kutafuta wastani.

Kanuni aliiandika kwa mkono wake, akaisoma kwa sauti mara chache, kisha nikamwambia afumbe macho aione njia yenyewe: beseni, mlango wa uani, meza, karatasi. Wenzake walicheka. Lakini kinachotakiwa ni ile sahani ikigusa beseni, meza ije kichwani bila kuitwa.

Kwa vizuizi tuliongeza kanuni moja tu, ya simu. Alitaka kuandika "nikiona ujumbe sitashika simu". Nikakataa. Kanuni ya "sita-" inakiweka mbele ya macho kilekile unachokikimbia, na wapo watafiti waliojaribu kanuni za kukataza katika mambo ya ulaji wakakuta zinaweza hata kuongeza lile linalokatazwa. Tukaandika: "Simu ikilia kabla sijamaliza swali, nitaigeuza kifudifudi na kusoma tena mstari wa mwisho nilioandika." Mkono umepewa kazi. Alipotaka ya tatu, ya nne na ya tano, za Kiswahili na Baiolojia, nilimzuia. Ukiwa na mipango mingi ya namna hii kwa wakati mmoja, unaanza kuona wingi wa kazi badala ya kazi, na zote zinalegea.

Sasa kanuni ikigoma. Usiseme "mimi mvivu", maana hilo halirekebishi chochote. Jiulize maswali kwa mpangilio. Je, tukio lilitokea? Kama alikula mgahawani, hakuna sahani, kwa hiyo kanuni haikuguswa. Anahitaji tukio jingine kwa siku kama hizo. Kama lilitokea, je, ulikumbuka palepale, au ulikumbuka ukiwa kitandani? Ukikumbuka kitandani, tukio ni hafifu mno, halionekani wala haligusiki. Kama ulikumbuka palepale na bado hukwenda, angalia kitendo: kimekuwa kikubwa. Kipunguze hadi uone haya kukikwepa. Mwanafunzi huyu alishapunguza mpaka "nitaandika tarehe juu ya ukurasa".

Ramadhani ilipokaribia tuliona mambo yatabadilika, kwani baada ya futari watu wanakwenda tarawehe, na beseni lingempeleka msikitini badala ya mezani. Hatukusubiri ivunjike. Siku chache kabla ya mwezi kuandama aliandika mpya: "Nikitundika baibui nikirudi tarawehe, nitanakili swali." Meza ileile, kitendo kilekile, tukio tu ndilo lililohama.

Yupo mmoja ambaye njia hii haijamsaidia hata kidogo. Baba yake ndiye anayetaka arudie mtihani. Yeye anataka ufundi wa magari. Tumebadilisha tukio, tumepunguza kitendo, na maswali yangu yote matatu anayajibu sawasawa: tukio lipo, analikumbuka, kitendo ni kidogo. Hakai tu. Utafiti nao unasema kanuni hizi hazina nguvu pale ambapo lengo mwenyewe halitaki. Kwa huyo nimeacha kutunga sentensi, na Jumamosi nitazungumza na mzee wake.

Mwalimu wa jioni, Temeke