Msaili ni mtu unayemfahamu: niliponyamaza na niliposema

*"Wakuu, nimeitwa usaili Dodoma Jumanne ijayo, kwenye shirika fulani. Barua ya wito imetaja majina ya jopo, na mmoja wao ndiye aliyenisimamia fildi mwaka juzi. Kwenye wasifu wangu nimemweka mdhamini. Niseme mapema au ninyamaze? Naogopa wakijua watanikata."*

Sema, mkuu, na useme leo leo. Mimi niliwahi kunyamaza hapa hapa Dodoma.

Ilikuwa nafasi ya afisa ununuzi msaidizi, shirika lenye miradi ya maji Bahi na Chamwino. Naingia chumbani, nakuta wasaili wanne, na wa pili kutoka kushoto ni mama tuliyekuwa naye kikoba kimoja Chang'ombe. Si kufahamiana tu: alikuwa amenidhamini mkopo wa laki sita na nilikuwa bado sijamaliza kuulipa. Nikatabasamu, naye akatabasamu, tukaendelea kama wageni. Swali la nne likamponyoka: "Sasa Baba Neema, mzabuni akichelewesha mzigo utafanyaje?" Jina la mtoto wangu halikuwa kwenye karatasi yoyote mezani. Katibu aliyekuwa akiandika akainua kalamu, akanitazama mimi, akamtazama yule mama, akaendelea kuandika.

Nikaongoza. Wiki moja baadaye msailiwa mwenzangu, naye mkazi wa Chang'ombe, akaandika malalamiko kwamba mama na mimi tunaonekana pamoja kila Jumamosi. Usaili ukafutwa, tukaitwa upya mbele ya jopo jingine, nikashika nafasi ya pili. Mpaka leo sijui kama zile alama za kwanza zilikuwa zangu kihalali. Mama wa watu naye aliitwa kujieleza, na kwenye kikoba hatukuzungumza hadi mwaka ukaisha.

Safari iliyofuata, shirika jingine, nikasikia kwamba kwenye jopo atakuwepo mtu aliyewahi kuwa bosi wangu. Nikaandika barua pepe kwa afisa rasilimali watu aliyesaini wito. Nakumbuka maneno yake karibu yote:

"Habari za kazi. Nimeitwa kwenye usaili wa tarehe fulani, nafasi ya afisa ununuzi. Nimefahamu kuwa Ndugu fulani yumo kwenye jopo. Alikuwa msimamizi wangu wa kazi kwa miezi 14, na mara ya mwisho tumewasiliana mwaka jana. Hatujazungumza chochote kuhusu nafasi hii. Naleta taarifa hii mapema ili ofisi iamue inavyoona inafaa. Nipo tayari kusailiwa kwa utaratibu wowote mtakaopanga."

Basi. Ni nani, uhusiano gani, mara ya mwisho lini, na kwamba hamjaongea habari za kazi hii. Usiombe mtu aondolewe, kwa sababu hapo unaonekana unajichagulia jopo. Usimsifu pia. Niliwahi kuona barua ya kijana mmoja ikisema "ni mlezi wangu na ananiamini sana", na ikasomwa kama kujipigia debe.

Barua iende kwa mwenye kuratibu usaili, isiende kwa yule unayemfahamu. Watu wengi hukosea hapa: kwa heshima zetu mtu anaona ampigie kwanza mwalimu wake, "Shikamoo, nimeona jina lako." Simu hiyo, hata kama ni ya salamu tupu, ndiyo itakayoulizwa baadaye. Mwache. Kwenye ofisi zenye utaratibu, wanajopo wakipewa orodha ya wasailiwa huulizwa nani anamfahamu nani, kwa hiyo naye ataandika ya kwake. Maelezo yenu yakilingana bila kupangwa, hapo mambo yamenyooka.

Kwako kuna jambo la ziada, la udhamini. Mtu mmoja hawezi kukupa alama leo halafu kesho akajazia fomu ya kukuthibitisha. Kwenye barua hiyo hiyo ongeza sentensi moja: kwamba ni mdhamini wako, na hapa kuna jina na namba ya mwingine anayeweza kuulizwa badala yake. Usibadilishe wasifu kimya kimya. Wa zamani wanao, na tofauti itaonekana.

Sasa hiyo hofu ya kukatwa. Baadaye nimekaa kama katibu wa jopo mara kadhaa, na sijaona mtu akikatwa kwa sababu alisema. Kinachofanyika ni kimoja kati ya haya: mwanajopo anabadilishwa, au anatoka chumbani zamu yako ikifika, au anabaki lakini haulizi wala hajazi karatasi yako ya alama. Hili la mwisho ndilo lina mtego, na mtego wenyewe uko kwenye hesabu.

Chukua jopo la wanne, kila mmoja anatoa alama kwa 100. Wewe umepewa na watatu tu: 78, 74 na 76. Jumla 228. Mwenzako amepewa na wote wanne: 77, 78, 76 na 65. Jumla 296. Katibu akilinganisha jumla, umeshaanguka kabla hata hujatoka getini. Akichukua wastani, wewe una 76 na mwenzako 74, umeshinda. Lakini tazama tena ile 65. Huyo wa nne ni mbanaji wa alama, kwako hakugusa, kwa mwenzako amebana. Ukimwondoa kwa wasailiwa wote, mwenzako anabaki na 231, wastani 77, naye ndiye mshindi. Kwa hiyo njia safi ni aliyejitoa kwa mmoja, alama zake zisihesabiwe kwa yeyote wa nafasi hiyo, na iandikwe kwenye muhtasari. Hili si kazi yako kuwafundisha. Nalitaja kwa sababu kujitoa kwa mwanajopo kunaweza hata kukubeba isivyostahili, na mwenzako ana haki ya kuuliza.

Siyo kila kufahamiana ni habari. Mhadhiri aliyekufundisha ukumbini mkiwa mia tatu, au mzee mnayesali naye kanisa moja, ni sentensi moja tu na ofisi itakujibu "tumepokea, karibu". Undugu, ukwe, deni, biashara ya pamoja, kikoba, bosi wa zamani, mdhamini: hayo yanaandikwa yote.

Kwa wanaoitwa na Sekretarieti ya Ajira mambo ni tofauti kidogo, maana mara nyingi unajua uso wa msaili mlango unapofunguliwa. Hapo unasalimia, na kabla ya swali la kwanza unamwambia mwenyekiti: "Naomba niseme kwamba namfahamu mjumbe mmoja, alikuwa msimamizi wangu." Kisha nyamaza wao waamue. Ukingoja hadi swali la tatu, yule mtu ameshaandika alama.

Wewe barua umeipata mapema, kwa hiyo huna kisingizio. Leo ni Alhamisi. Tuma kabla ya saa sita mchana, wapate Ijumaa nzima ya kutafuta mtu wa kuziba nafasi. Ukituma Jumatatu jioni unawatia kazi watu ambao kesho yake ndio wanaokusaili. Wasipojibu hadi Ijumaa saa tisa, piga simu ofisini uulize kama imefika, kisha jibu lao lihifadhi. Siku yenyewe mwalimu wako akiwepo na kalamu iko mezani haiguswi, ujue barua yako imefanya kazi. Mpe shikamoo ile ile unayowapa wengine, kaa, subiri swali.