Ukienda Doha, usimwachie mama laini ya imeili

Juzi msomaji mmoja wa Kondele aliyeko Doha aliniandikia usiku wa manane: imeili imefungwa, na mkataba wake wa kazi umo humo. Mimi hayo yalinipata hukohuko Qatar, na ofisi iliyonipeleka haikupokea hata simu. Kwa hiyo huyu sikumwacha.

Alinunua simu mpya, akaweka laini ya Qatar, akaandika paswodi sahihi. Google ikakataa. Akadhani amedukuliwa, kumbe mfumo hauangalii paswodi tu. Huangalia pia kifaa, na anwani ya intaneti inayoonyesha uko nchi gani. Akaunti hiyo ilizoea Kisumu na simu moja. Sasa nchi mpya na simu mpya kwa mpigo, huku dada yake akiendelea kuifungua nyumbani kwa simu ya zamani. Mtu huyohuyo Kisumu na Doha ndani ya saa moja, na ndege kutoka Nairobi huchukua kama saa tano! Hapo mashine ilishuku mwizi, ikatuma tarakimu za uthibitisho kwa laini yake ya Kenya.

Laini hiyo iko Ahero kwa mama, ndiyo ya M-Pesa. Akampigia: "Mama, nisomee namba iliyoingia sasa hivi." Mama akasema, "Redioni wametukataza kumsomea mtu, hata akijiita mwanangu." Mama ana haki yake, bwana. Hadi alipokubali, tarakimu zilikuwa zimeisha muda. Kijana akajaribu tena na tena, akawasha na VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, akazidi kuonekana mgeni.

Nilimwambia azime VPN, atulie hadi kesho yake, kisha ajaribu kwa waifai ya kambini na kubonyeza "Try another way". Swali la Google, kama kweli ni yeye anayeingia, likatokea kwenye simu ya dada, kwa sababu akaunti ilikuwa bado wazi humo. Kijana akamsomea namba aliyoiona kwenye kioo chake, dada akabonyeza hiyohiyo, mlango ukafunguka.

Si kila mtu ana dada kama huyo. Tunakopa pesa za ajenti na tikiti, halafu robo saa ya kupanga akaunti inatushinda! Ukiwa bado nyumbani, washa "2-Step Verification", kisha utafute "Backup codes". Utapewa namba 10, kila moja hutumika mara moja, na hazihitaji laini wala mtandao wa Kenya. Ziandike kwenye karatasi, ila usiifiche ndani ya pasipoti, maana wako waajiri wanaoichukua ukifika. Mama msajilie laini yake ya M-Pesa. Ya imeili ibebe mwenyewe, na uwashe romingi kabla hujapanda ndege.

Ukishatua, ingia kwanza kwa simu uliyotoka nayo. Simu mpya ije baadaye, nayo uiingize ile ya zamani ikiwa mkononi mwako. Namba ya Kenya usiifute kwenye akaunti hadi ya Qatar iwe imepokea tarakimu na kukuingiza.