Kabla hujashona mikono, tazama ukingo

Mteja wangu mmoja wa Dar alinitumia picha WhatsApp: "Dada, kikapu cha marehemu bibi kimekatika mikono, utanishonea mingine?" Chombo chenyewe kilikuwa kama pia kubwa, mdomo juu na ncha chini, kimeegemezwa kwenye sufuria. Mistari myekundu na ya zambarau ilikizunguka.

Mimi nashona na kuuza vitu vya ukindu hapa Ngamiani, Tanga, na swali kama hilo nilishawahi kuliingia kichwakichwa. Nilishona mikono ya watu, mizuri kabisa, mama akapita kibandani akaiona. "Wataka wabebee nini kwenye kawa?" Nikafumua huku anacheka. Kawa, kwa asiyeijua, ni kile kifuniko cha chakula chenye ncha. Ukikipindua, picha hukufanya uone kapu.

Safari hii nikaikuza picha kwanza nitazame msuko. Vyombo vingi vya pwani huanzia kwenye ukili. Ukindu huchanwa, ule wa rangi huchemshwa na rangi yake, kisha husukwa utepe mrefu wenye upana wa vidole viwili au vitatu. Utepe huo huzungushwa kuanzia katikati na kushonwa ukingo kwa ukingo. Uzi huuoni, kwa kuwa hupita ndani ya mikunjo ya kingo mbili zilizokutana. Unachoona ni mstari mwembamba ulioinuka kidogo. Kati ya mstari na mstari, ukindu unakwenda mshazari, juu na chini ya mwenzake.

Hapo watu huchanganya na vikapu vya bara vinavyoshonwa kwa kiini cha nyasi kinachoviringishwa. Navyo vinazunguka, lakini kila duru ni ya mviringo kama kamba iliyolazwa juu ya kamba, na mishono inasimama wima kuikata. Ndiyo maana nakshi yake hupanda vingazi vingazi. Kwenye ukili nakshi ni ya mshazari, nayo huvunjika kila inapofika kwenye mshono. Picha ya yule mteja ilikuwa ya mshazari, kwa hiyo ni ukili, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ukili hutengeneza kapu, na hutengeneza kawa pia. Msuko peke yake haukutosha.

Nikaenda kwenye ukingo. Kapu la sokoni hubeba uzito, kwa hiyo mdomo wake huongezewa kamba, na kamba za mikono hushuka ubavuni, nyingine mpaka chini ya kitako. Mikono ikikatika, alama hubaki: matundu ya sindano, au michirizi miwili ambayo rangi yake haijapauka kwa sababu kamba iliifunika. Hapa hapakuwa na tundu wala mchirizi. Ukili ulikuwa umepunguzwa upana taratibu kwenye duru ya mwisho ili mdomo ukae sawa, basi.

Halafu uchakavu. Kapu huchakaa kitako. Hiki ncha yake ilikuwa safi, ila mdomo umenyofoka nyuzi nyuzi, mzunguko mzima, kiasi kilekile, kama kitu kinachowekwa chini kila siku kwa mdomo. Na kwa nini kiegemezwe kwenye sufuria? Kwa sababu hakisimami. Nikaigeuza simu juu chini, kawa hiyo hapo.

Kabla ya kumjibu nilimwomba picha mbili zaidi, karibu na dirisha ili mwanga uje wa ubavuni, maana flashi huua kivuli cha mshono: moja ya ndani, nyingine ya mdomo ukiwa na sarafu pembeni nipate kipimo. Ndani rangi zilikuwa bado kali, na karibu na ncha kulikuwa na doa la hudhurungi, pale mvuke wa chakula unapokwenda kukusanyika.

Vyombo vingine havisumbui hivi. Ungo utaujua kwa mabanzi mawili ya duara yaliyoubana ukingo, na pakacha mdomo wake ni uti wa kuti lenyewe, majani yakiwa bado yameshikamana nao. Kinachonishinda kwenye picha ni kutofautisha ukindu na miyaa vikishatiwa rangi. Hapo mpaka nishike. Na anayetazama rangi tu akakutajia kijiji kilikotoka, msikilize kwa heshima, usimlipe.

Mteja aliniambia miaka yote hiyo wamekuwa wakiwekea vitunguu. "Basi mikono tuache?" Nikamwambia anipimie sinia lake kubwa. Kilichohitajika ni duru moja tu ya ukili mpya pale mdomoni.