Bei itakaa wapi? Acha nafasi ukiwa bado unapiga picha

Juzi msomaji mmoja wa Bungoma amenitumia meseji na picha ya bango lake, anauza siagi ya njugu, na akauliza hivi: "Kaka, dizaina wangu anasema picha ni nzuri lakini haina mahali pa kuandika, sasa ameweka boksi jeusi juu ya chupa, ni sawa?" Si sawa dada. Hilo boksi limefunika lebo yako nusu, jina la bidhaa halisomeki, na bei yenyewe imebanwa kwa kona kama imeletwa kwa nguvu. Na dizaina hana makosa hapo, yeye ameletewa picha imejaa chupa kutoka juu hadi chini, angefanya nini?

Hii kitu inanigusa kwa sababu kuna mteja mmoja hapa Kisumu, miaka kadhaa imepita, nilimpigia picha za bidhaa zake nikaacha nafasi vile inafaa, akaziangalia kwa kamera akasema "hii picha iko tupu, mimi nimelipia picha ya bidhaa si ya ukuta." Balansi hakumaliza kulipa. Baadaye nikaona bango lake kwa barabara, ameenda kwa mwingine akapigiwa karibu karibu, na maandishi yamepita juu ya bidhaa yenyewe. Nilinyamaza lakini iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu ile nafasi alikuwa anaita tupu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Sasa juzi mama mwingine mwenye siagi ya njugu amekuja kwangu na kazi kama hiyo hiyo, na hii imeenda vizuri mpaka nataka niieleze yote. Alitaka bango la websaiti yake, na dizaina wake alikuwa ameshampa vipimo, pikseli 1920 upana kwa 600 urefu. Hapo ndipo mambo huanza, si kwa kamera. Kama hujui vipimo vya bango usitoe hata kifuniko cha lenzi, pigia dizaina kwanza.

Angalia vile hesabu inaenda. Simu nyingi hupiga picha ya 4 kwa 3, tuseme pikseli 4000 kwa 3000. Ukiikata iwe umbo la 1920 kwa 600 unabaki na 4000 kwa 1250. Yaani urefu wa picha yako, zaidi ya nusu inatupwa! Unabaki na mkanda tu wa katikati. Kwa hivyo mtu akijaza fremu na chupa, dizaina ana njia mbili, akate kifuniko na kitako cha chupa, ama aivute picha pembeni kwa kompyuta atengeneze nafasi ambayo haikupigwa. Kuvuta kunawezekana kama nyuma ya chupa ni rangi moja safi, lakini kukiwa na meza ya mbao, kivuli ama kitambaa chenye maua, utaona ile michoro inajirudia na mtu yeyote anajua kuna kitu si sawa hapo.

Sasa nafasi ya maandishi iwe kubwa kiasi gani? Watu wengi wanaacha theluthi moja, na theluthi haitoshi. Usikisie, anza na bei. Lile bango la 1920 likionyeshwa lote kwa simu yenye upana wa 360, kila kitu kinagawanywa kwa 5 na kitu kidogo. Herufi ya pikseli 40 inakuwa kama 7, hiyo hakuna mtu anasoma. Kwa hivyo kichwa kinataka kama 100 hivi, ndiyo kibaki 19 kwa simu, na bei tukaipa 140. Ukiandika "KSh 1,250" kwa herufi nene za 140 inakula kama pikseli 750 kwenda pembeni. Ongeza pumzi kidogo kila upande unafika 900, na 900 kwa 1920 ni karibu nusu ya bango. Nusu, si theluthi! Siagi ya huyo mama haifiki elfu, lakini nilipima na bei ya elfu kwa sababu anapanga kuuza kwa pakiti ya chupa tatu, na nafasi hupimwa na maandishi marefu zaidi yale yataingia hapo siku moja, sio yale ya leo.

Haya, kwa kamera unafanyaje bila kushika kalkuleta? Washa gridi, ile mistari inagawanya skrini kuwa visanduku tisa. Safu ya katikati ina urefu wa 1000 kwa ile 3000, na bango letu linabaki na 1250, kwa hivyo kitu chochote kikikaa ndani ya safu ya katikati hakiwezi kukatwa, na kinabaki na hewa kidogo juu na chini. Mimi nikaweka chupa ndani ya kisanduku kimoja tu, cha katikati upande wa kulia. Visanduku viwili vya kushoto vya safu hiyo hakiingii kitu. Hata njugu moja. Mama alikuwa ameleta mkate, kisu, njugu za kumwaga mezani na leso nzuri sana, nikamwambia mama hivi vyote karibu, lakini vinakaa kulia na chupa au vinakaa kwa kikapu.

Akaangalia kwa skrini akasema, "Sasa kijana wangu, mbona siagi yangu imekuwa ndogo hivyo?" Nikajua hii nimeisikia mahali. Lakini safari hii sikubishana, nilikata ile picha palepale mbele yake kwa simu, nikaandika jina na bei kwa ule upande wa kushoto, nikampa ashike mwenyewe. Chupa iliyokuwa na urefu wa 900 kwa ile 3000 ilionekana kadogo, lakini baada ya kukata ni 900 kwa 1250, imejaza karibu robo tatu ya urefu wa bango. Akanyamaza kidogo halafu akasema "kumbe." Wewe kama unapigia watu picha, usiwahi kumwonyesha mteja picha nzima kabla ya kuikata. Mkatie kwanza, weka maandishi ya kujaribu, ndiyo aone.

Lakini nafasi kuwa bila kitu haimaanishi iko safi, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Vitu vitatu huharibu: mstari wa meza, mikunjo, na kivuli.

Mstari wa meza ni ule ukingo wa nyuma, pale meza inaishia ukuta unaanza. Ukipita katikati ya nafasi utapita katikati ya herufi pia, na bei inakuwa kama imepigwa laini ya kufutwa. Tulitumia shuka ya kijani kibichi iliyokolea, tukaitundika kwa ukuta ikateremka mpaka juu ya meza bila kukunjwa kona, kwa hivyo hakuna mstari. Shuka pasi kwanza, na uipige kweli kweli, kwa sababu mkunjo mdogo ambao huoni kwa macho ukipigwa na mwanga wa pembeni unakuwa mstari mweusi. Halafu sogeza chupa mbele mbali na ukuta vile meza itakubali, ili nyuma kupoteze ukali kidogo.

Kivuli sasa. Dirisha langu liko kushoto, na maandishi yalikuwa yanakaa kushoto, na hiyo si bahati, nimepanga. Mwanga ukitoka upande wa maandishi kivuli cha chupa kinaanguka upande ule mwingine, kulia, nje ya nafasi. Ukiweka kinyume chake kivuli kinalala palepale utaandika bei, na dizaina atahangaika kukifuta.

Shida ni kwamba huo mwanga wa dirisha unaangaza shuka pia, na upande wa kushoto ukawa mweupe mweupe kuliko kulia. Sisi tulitaka maandishi meupe, na meupe juu ya kijani kilichofifia hayasomeki. Nikachukua katoni nikaisimamisha kati ya dirisha na shuka, ikazuia mwanga wa ukutani lakini chupa ikabaki inapata wake. Kushoto kukarudi kuwa kijani kilichokolea. Wale wa kutengeneza websaiti wana kanuni zinaitwa WCAG, zinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1, na kwa herufi kubwa angalau 3 kwa 1, na dizaina anaweza kuipima. Mimi nikiwa bado na kamera nafanya hivi: naandika bei kwa picha, napunguza picha mpaka iwe upana wa simu, naigeuza iwe nyeusi na nyeupe, halafu nanyoosha mkono niiangalie kwa mbali. Kama bei imeanza kupotea kwa nyuma yake, narudi kwa katoni. Rangi hudanganya jicho, nyekundu juu ya kijani unaona imetoka vizuri lakini ukiondoa rangi, zote mbili zinakuwa kijivu kimoja.

Sasa niseme kitu kwa vijana wenzangu wa kamera, Kisumu, Nakuru, Kakamega, kote. Acheni kupelekea watu picha imejaa halafu mnasema dizaina atajua mwenyewe. Mama ameuza njugu zake, amechapisha lebo, amelipa, na bei ya siagi inapanda na kushuka na bei ya njugu sokoni. Akiwa na picha safi isiyo na maandishi anabadilisha namba tu. Ukimpa picha ambayo bei haina mahali, kila bei ikibadilika anarudi kutafuta pesa ya mpiga picha. Na ukimpelekea, usiitume WhatsApp kama picha, inapunguzwa, tuma kama dokumenti. Mpe ile nzima ambayo haijakatwa na ile imekatwa, zote mbili, na zote bila maandishi.

Nzima anaihitaji kwa sababu websaiti nyingi kwa simu hazionyeshi bango lote likiwa limepunguzwa. Kama aliyeitengeneza ameweka hii

```
background-size: cover;
background-position: center;
```

basi simu itajaza boksi lake na kukata pembeni, na chupa yetu iliyo kulia inaweza kukatwa ikabaki kipande. Kwa hivyo kabla mama hajaondoka niligeuza kamera wima nikapiga nyingine, chupa chini, nafasi yote juu, shuka ile ile na mwanga ule ule. Hiyo ya wima inakaa kwa simu na kwa status pia, lakini kwa status usiandike juu kabisa wala chini kabisa, kwa sababu juu kuna jina la mwenye status na chini kuna pahali pa kujibu. Dada wa Bungoma, chupa zako unazo na dirisha unalo, tafuta shuka ya rangi moja uanze na hiyo ya wima, ni rahisi zaidi, halafu nitumie nione kabla dizaina hajaigusa.