Mvinyo gani hautachochea moto wa pilipili?

Swali: Nilipikia wageni pilau ya nyama na mchuzi wa kuku wa nazi wenye pilipili mbuzi. Nikawamiminia mvinyo mwekundu mkavu, Cabernet Sauvignon ya asilimia 14.5. Wote wakasema kinywa kinawaka zaidi. Ningewapa upi?

Jibu: Dada yangu, kilichowachoma ni kileo. Pilipili huwasha kwa sababu kapsaisini iliyomo ndani yake huamsha mishipa ya fahamu inayohisi joto kali. Kileo nacho huamsha mishipa hiyohiyo, kwa hiyo uliongeza kuni motoni. Halafu Cabernet ina tanini nyingi, ule ukakasi unaousikia ukitafuna ndizi mbichi, na ulimi unaowashwa huuona ukakasi huo mkali zaidi.

Pilau usiilaumu. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu hunukia tu, haviwashi. Moto wa pilau mara nyingi umo kwenye kachumbari. Ingekuwa pilau peke yake, mvinyo mwekundu mwepesi kama Pinot Noir, uliokaa nusu saa kwenye friji, ungefaa sana. Lakini mchuzi ulikuwepo mezani, na chakula kikali kuliko vyote ndicho kinachochagua chupa.

Kwa mchuzi ule ningefungua mvinyo mweupe wenye utamu kiasi na kileo kidogo. Ninaoupenda kuliko yote ni Riesling ya bonde la Mosel, Ujerumani, inayoandikwa Kabinett. Ile yenye utamu mara nyingi huwa na asilimia 8 au 9 tu. Usipoipata, tafuta Chenin Blanc ya Afrika Kusini au ya Dodoma, ila soma lebo vizuri, kwani nyingi ni kavu na hufika asilimia 13. Namba ya kileo inakwambia mengi: hamira hugeuza sukari ya zabibu kuwa kileo, hivyo mvinyo mweupe wa asilimia 8 hadi 10 kwa kawaida umebakiwa na sukari. Sukari hiyo ndiyo inayofunika mwasho. Hakikisha pia mvinyo wenyewe una uchachu, la sivyo ukikutana na ndimu ya kachumbari utaonekana kama sharubati.

Zamisha chupa kwenye ndoo ya barafu na maji kwa dakika 20, maana ubaridi wenyewe hutuliza. Kabla wageni hawajafika, onja kijiko cha mchuzi, kisha funda moja, uhesabu hadi kumi. Mwasho ukipanda baada ya kumeza, chupa hiyo iweke kwa siku nyingine.

Pilipili mbuzi ikishapasuka sufuriani, hata Riesling itashindwa. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na mvinyo sehemu kubwa ni maji. Hapo weka bakuli la mtindi mezani. Safari ijayo iache pilipili ielee nzima na kikonyo chake, uitoe kabla ya kupakua.