Kabla hujaloweka chujio kwenye kostiki soda, lishikishe sumaku

"Wadau, chujio la hudi ya jiko limeganda mafuta, ukiligusa linanata kama gundi. Kuta za oveni nazo zimegeuka kahawia. Dawa za kupuliza zinanibana kifua na ndani kuna mtoto mdogo. Nimeambiwa niloweke chujio kwenye kostiki soda na maji ya moto usiku kucha, eti haina harufu, halafu hiyo hiyo nipake kwenye oveni. Nitie kipimo gani?"

Usitie kipimo chochote. Funga hilo kopo, lirudishe juu mtoto asikofika, kisha chukua sumaku ulishikishe chujio. Sumaku ikidondoka, na chujio ni jepesi lenye nyavu nyembamba zilizopangwa tabaka kwa tabaka, hiyo ni alumini, na alumini na kostiki havikai beseni moja.

Na mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Aliyeniambia ni fundi aliyekuja kufunga hudi, akasema kwa kujiamini kabisa: loweka, lala, asubuhi utakuta jipya. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, kwa sababu yule mtu kazi yake ilikuwa kusafisha machujio ya majiko makubwa ya biashara. Yale ni ya chuma cha pua, vipande vizito vilivyokunjwa kama mifereji, na kweli yanavumilia kostiki. Ya nyumbani mengi ni nyavu za alumini. Alichukua dawa ya chuma kimoja akaiagiza kwenye chuma kingine bila hata kulitazama chujio lenyewe, na hasara ikabaki kwangu.

Kinachotokea ni hiki. Alumini ina ngozi nyembamba sana juu yake inayoilinda isiliwe na hewa na maji. Kostiki inaiyeyusha ngozi hiyo, halafu inaanza kula chuma chenyewe. Inapokila inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto, na maji yanazidi kuwa moto yenyewe bila jiko. Mwanzoni utafurahi, maana povu linapanda na mafuta yanaachia. Tatizo ni kwamba mafuta yakishakwisha povu haliishi. Viputo vidogo vinaendelea kutoka kwenye nyuzi za chujio zenyewe, maji yanageuka kijivu, na ukishika waya vidole vinatoka vyeusi. Ukiona hivyo, kinacholiwa si mafuta tena. Langu lilitoka limekuwa jeusi, kona za fremu zimeachia, na nyavu za katikati zimelegea kiasi kwamba ukizisukuma kwa kidole zinatoboka. Chujio likishatoboka, mafuta yanapita moja kwa moja mpaka kwenye feni na mota, na huko hakuna beseni la kuyaloweka.

Sasa hili la "haina harufu", ambalo ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu wewe unakimbia mvuke. Kostiki ikiwa kavu kwenye kopo ni kweli hainuki. Ikikutana na alumini kwenye maji ya moto, vile viputo vinapasuka na kurusha juu matone madogo mno ya kostiki, na hayo ndiyo unayoyavuta. Yanachoma pua, yanakausha koo, macho yanatoka machozi. Kwa kifua kinachobanwa na dawa za kupuliza, hapo umejipeleka kwenye kibaya zaidi. Na kama mtu ameshaanza, asimwagie siki akidhani anaituliza: vikikutana vinatoa joto kali na kurusha maji usoni. Azime moto wote, afungue madirisha, atoke na kumtoa mtoto, asirudi mpaka povu litulie. Ngozi ikiguswa, isuuzwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, si kufutwa tu na kitambaa.

Kinachofanya kazi ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lakini kwa mpangilio tofauti na uliouzoea. Yale mafuta yamekauka juu ya waya mithili ya rangi ya mlango, ndiyo maana ukitumbukiza chujio moja kwa moja kwenye maji, maji yanateleza juu yake na sabuni haipati pa kushika. Kwa hiyo anza na chujio kavu. Lilaze juu ya gazeti, limiminie sabuni isiyochanganywa na maji, isambaze kwa brashi laini pande zote mbili, uiache kama robo saa. Utaona rangi ya njano inaanza kushuka pamoja na sabuni. Hapo ndipo unalilaza kwenye beseni la maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia ila hayajachemka, ukiongeza vijiko viwili vya sabuni kwa kila lita tano. Liache nusu saa, litikise ndani ya maji, kisha ligongegonge kwa ncha za brashi badala ya kulisugua, kwa sababu nyavu zikijikunja hazirudi.

Juu ya maji utaona utando wa mafuta. Mwaga yote kabla ya kuliinua chujio, la sivyo linapita kwenye utando huo na kuubeba tena. Mzunguko wa kwanza unatoa tabaka la juu tu, kwa hiyo rudia kwa maji mapya. Ukigusa na bado linanata, rudia tena. Suuza kwa maji ya moto, lisimamishe likauke kabisa, ndipo ulirudishe.

Bekingi soda ni pole kuliko kostiki kwa mbali, na kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu hakina shida. Ila usiichemshe na chujio ndani, wala usiiache usiku kucha. Ikipata moto inageuka kuwa kali zaidi, na alumini inaanza kufifia na kuwa nyeusi. Ukiichanganya na siki unapata povu zuri la kutazama, lakini vimeshauana, umebaki na maji ya chumvi. Na kama nyuma ya chujio la waya kuna lile jeusi la mkaa, hilo haliloweki kwenye chochote mpaka maelekezo yake yaseme linaoshwa.

Kwenye oveni swali ni lile lile: ukuta umetengenezwa na nini? Kama ni laini na unang'aa, hiyo ni enameli. Zima umeme, oveni ipoe kabisa, changanya bekingi soda vipimo vitatu na maji kipimo kimoja, paka, ukwepe waya za joto, feni na mpira wa mlango, acha mpaka asubuhi, ufute kwa kitambaa chenye maji. Kama ukuta ni wa kijivu usiong'aa na unakwaruza kidole kama msasa, usiupake kitu. Huo umetengenezwa kuunguza mafuta wenyewe oveni ikiwa na moto mkali, na ukiuziba vile vitundu vyake hautafanya kazi tena.

Lakini anza na sumaku, mkuu. Ikishika, ujue ni chuma, na hata hapo sabuni inatosha. Isiposhika, hata kama unahisi ni chuma cha pua kwa kuwa kipo kisichoshika sumaku, lichukulie kama alumini. Uje utuambie umekuta nini kabla hujabandika maji.