Usimwandikie "Hi" kisha ukangoja

Msomaji mmoja amenitumia picha ya skrini. Amempata kwenye Facebook mwenzake wa darasani aliyehamia ng'ambo, na kwa kuwa shuleni kwao walizoea kuongea Kiingereza, ndicho alichomwandikia. Ujumbe wa kwanza ni "Hi". Wa pili, baada ya siku kadhaa, ni "Hi" tena, safari hii na alama ya kuuliza. Sasa ananiuliza kama rafiki yake ameingiwa na maringo.

Huenda. Wapo wa namna hiyo. Yupo mmoja tuliyelala bweni moja, akausoma ujumbe wangu wa WhatsApp, alama zikageuka bluu, na mpaka leo kimya. Sitasema hainiumi. Lakini kabla hujamhukumu wa kwako, jua ujumbe wako umetua wapi. Ukimwandikia mtu ambaye si rafiki yako kwenye Facebook, mara nyingi ujumbe huwekwa kando kwenye Message requests, sehemu ambayo wengi hawaipitii. Hata akiusoma humo, wewe huonyeshwi kwamba ameusoma mpaka akubali. Kwa hiyo kimya chake hakijakwambia lolote bado. Na akifungua, anachokuta ni "Hi" kutoka kwa jina asilolijua, labda jina ulilolichukua baada ya kuolewa. Matapeli nao huanza hivyohivyo. Ungekuwa wewe ungejibu?

Ndiyo maana ujumbe wa kwanza lazima ujitosheleze. Majuzi nimempata rafiki niliyekaa naye dawati moja, hatujasemezana tangu tumalize shule, na nasema kwa fahari kwamba alijibu usiku uleule. Nilianza kwa salamu ya mstari mmoja, kisha jina langu kamili pamoja na lile la utani ambalo darasa zima lilinijua nalo. Halafu nikamkumbusha siku mwalimu wa hesabu alipotukuta tunakata kifutio kimoja kwa wembe ili tugawane, akatusimamisha nyuma kipindi kizima. Jambo hilo halipo kwenye ukurasa wangu wala wake, kwa hiyo tapeli hana pa kulitoa. Nikasema nimeliona jina lake wapi. Mwisho nikauliza swali moja tu, jepesi, ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni: bado unachora? Ujumbe wote haukuzidi aya mbili fupi.

Angalia nilichokiacha. Sikuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za afya. Kwetu huo ndio uungwana, na asiyesalimia hivyo tunamsema. Lakini ukizipanga salamu hizo zote kwa Kiingereza bila kusema kilichokuleta, mtu aliyekwisha kuombwa pesa na nusu ya ukoo wake anakaa kusubiri shida itajwe. Pia sikumwambia amepotea, wala kwamba ametusahau. Sisi tukilaumiana hivyo tunacheka, ni mapenzi. Kwa Kiingereza, tena kwa maandishi, baada ya miaka mingi, inasomeka kama mashtaka, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea au hukaa kimya.

Jibu lake lilikuwa refu kuliko ujumbe wangu, na akataka tupigiane. Hapa ndipo wengi hukwama. Jamaa yangu mmoja aliwahi kupanga simu ya saa mbili usiku, kichwani anahesabu kwa Kiswahili, akaandika 2. Mwenzake akaiweka saa nane. Mimi niliandika 8 p.m. na kutaja jina la mji anakoishi yeye, kisha nikafanya mahesabu ya upande wangu mwenyewe. Mwezi nao uandike kwa jina, maana 4/5 kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili, na kwa Mwingereza ni tarehe 4 Mei. Kama simu mmeipanga mapema sana, hakikisha tena siku moja kabla: nchi nyingi za Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na tofauti yenu hubadilika bila ninyi kugusa kitu.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, acha kumsema mwenzako. Tuma ujumbe wa tatu, ulio kamili, na usiutaje ule wa kwanza wala wa pili. Kama kuna mliyesoma naye ambaye tayari ni rafiki yake kwenye Facebook, mwombe amwambie kwamba ni wewe kweli na aangalie Message requests. Usiombe upewe namba yake. Atakupa mwenyewe akitaka. Asipojibu hata hapo, basi usitume wa nne.